Kila Swali na Kila Jibu

Nilikuwa karani wa bodi ya shule ya wasichana huko Kitui. Kumbukumbu za kamati ya ujenzi nilizijaza kazi, jina la mwenye kuifanya na tarehe ya kuimaliza, ndiyo maana tangi la maji lilijengwa. Kwa za bodi yenyewe ulitosha uamuzi na sababu yake, mabishano niliyaacha.

Siku mpishi wa shule alipoitwa mbele ya bodi kujibu shtaka la kuiba mahindi ya stoo, mwenyekiti aliniambia, "Andika uamuzi tu, mama."

"Mzee, huyu anaweza kukata rufaa," nikamjibu. "Watataka kujua aliulizwa nini na akajibu nini."

Alinuna, lakini niliandika kila neno kwa hati mkato, nikapiga chapa, pande zote mbili zikatia sahihi. Mpishi akafutwa kazi.

Kwenye rufaa, afisa wa wilaya alisoma kurasa zangu kwa sauti. Mara tatu mpishi aliomba mwenye ufunguo wa stoo aitwe, na mara tatu alikataliwa.

"Hapa hakusikilizwa," afisa akasema. "Arudi kazini."

Jumatatu asubuhi nilimkuta jikoni akikoroga uji huku anaimba. Tulikumbatiana tukicheka, mwiko ungali mkononi mwake.