Sauti Katika Namba ya Mama

Mama alikuwa akiuza nguo chumba cha mbele cha nyumba yetu, Konde, Pemba. Kanga, madira, mitandio, na mabaibui kila ikikaribia Ramadhani. Hakuwa na kibao nje. Alikuwa na simu, na ndani ya simu wanawake mia moja na zaidi kutoka vijiji vya kaskazini, nao walimjua kwa sauti.

Mzigo ukifika alifunga mlango, akakaa kitini katikati ya nguo zilizotundikwa, kwa sababu chumba kitupu kinarudisha mwangwi. Akabonyeza alama ya kipaza sauti kwenye simu na kusema kwa muda usiofika dakika. Nilimsikia mara nyingi nikiwa jikoni. Alitaja kilichokuja, ni ngapi, rangi gani, kinaonekana wapi na saa ngapi. Hakusema "wahini". Na kama kuna kasoro aliitaja yeye mwenyewe, kabla mtu hajaiona. Kisha akaituma sauti ile mara moja kwa wote, kila mmoja akaipata kwake kama ametumiwa peke yake.

Alikuwa na desturi nyingine ambayo mimi niliiona ya adabu tu. Mteja mpya hakuvuka kizingiti kutoka mpaka aandike namba ya mama kwenye simu yake. "Nisevu mbele yangu," alisema. Aliyekuwa hajui kuandika, mama aliishika simu akamwandikia. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Baba alifariki nikiwa darasa la pili la sekondari. Niliacha skuli mwaka ule ule nimsaidie mama, kwa kuwa wadogo zangu wawili, wote wasichana, walikuwa bado wadogo sana. Mama naye akaondoka miaka minne baadaye, kwa maradhi ya siku chache. Aliacha mzigo njiani. Alikuwa ameshaununua kwa watu wake wa Unguja, na robota la nguo liliteremshwa bandari ya Wete siku ya saba ya matanga.

Ami yetu, mdogo wake baba, alikuja siku ile kutoka Mkoani. Ni mtu mwema na sitaki mtu amfikirie vingine. Alikaa nami barazani akasema:

"Hawa wawili nitawachukua mie. Weye bado mtoto."

"Nina miaka kumi na tisa, ami."

"Ndiyo nikasema mtoto. Sikutenganishini, nakupunguzia uzito. Watasoma, watakula. Weye utaolewa kwa salama."

"Nipe mpaka arubaini. Mzigo wa mama ukiuzika, ujue naweza. Usipouzika, nitakufungia nguo zao mwenyewe."

"Haya. Ijumaa ya arubaini, baada ya khitma, nakuja. Na ile simu ya mama'ko izime, si vizuri namba ya maiti kuzagaa."

Niliizima. Lakini kabla ya hapo niliyanakili majina yote kwenye simu yangu, moja moja, kazi ya siku mbili. Nilipofungua robota niliona maji ya bahari yameingia pembeni. Doti tatu za kanga zilikuwa na doa la njano kwenye pindo. Nilizitenga, nikazikunja mbali na nyingine. Kisha nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti cha mama, nikasema kama alivyosema yeye. Maneno yale yale, mpangilio ule ule. Nikatuma kwa wote.

Ile alama ya kutumwa ilibaki moja, ya kijivu. Nikatandika mkeka, nikapanga kanga kwa rangi, nikasubiri alasiri. Hakuja mtu. Siku ya pili nikaweka picha za mitandio kwenye stetasi. Walioziona walikuwa wawili, mke wa ami na msichana niliyesoma naye. Wiki ikapita, na ya pili. Nilijiambia wamenikataa. Wanawake wale walikuwa wakinunua kwa mama kwa ajili ya mama, na mimi kwao ni yule mtoto wa jikoni aletaye maji. Sikumpigia hata mmoja. Niliona ni aibu kumwomba mtu anunue baada ya kumwambia na yeye akanyamaza.

Mke wa ami alinipigia. "Umesema vizuri, mwanangu. Wangapi wamekuja?"

"Watakuja."

Nilipokata simu, nilitoa begi uvunguni nikaanza kukunja nguo za wadogo zangu. Yule mkubwa wao alisimama mlangoni akanitazama. Aliingia, akachukua sare zake za skuli kutoka kwenye begi, akazirudisha msumarini.

Zilipobaki siku saba ifike arubaini, akabisha hodi bibi mmoja wa Msuka. Nilimjua. Ni somo, ndiye anayewafunda maharusi, na kila harusi hununua kanga za kutosha nyumba mbili. Alivua ndara, akamwombea mama dua, akakaa mkekani. Ndipo alipoziona kanga zimejaa ukutani.

"Kumbe mzigo upo! Na mie nimekwenda kununua vitambaa vigumu kama kamba mjini, harusi iko juu yangu. Mbona mmekaa kimya?"

"Bibi, si nilituma sauti? Wiki tatu sasa."

"Sauti gani? Mie simu yangu nalala nayo kifuani kama mwana mchanga. Haikulia."

Alinipa nitazame. Kweli, hakukuwa na kitu kutoka kwangu. Nilitafuta namba yangu kwenye majina yake, haikuwemo. Ya mama ilikuwemo, ameandikwa "Mama Nguo Konde", kwa mwandiko ninaoujua.

Nilikaa na ile simu mkononi. Nikamsikia mama pale kizingitini: nisevu mbele yangu. Ukituma kwa wote kwa pamoja, ujumbe humfikia yule tu aliyeiweka namba yako kwenye simu yake. Na stetasi ni hivyo hivyo. Hawakunikataa. Hawakunisikia. Kwa wiki tatu nilikuwa nimewawekea kinyongo wanawake mia moja wasiojua lolote.

"Basi iwashe ile ya mama'ko," bibi akasema nilipomweleza.

"Ami kasema si vizuri."

"Ami'yo ananunua kanga?" Akacheka, kisha akaacha. "Lakini ana haki kidogo. Sauti yako ni ya mama'ko, hasa kwenye simu. Wengine huku hata habari ya msiba haijawafika. Ukiwarukia na habari za madira watu watazimia. Anza useme weye ni nani na yeye yuko wapi. Halafu muombee radhi. Mtu aliyeuza nguo miaka yote hii hawezi kukosa aliyemkwaza. Ukishamaliza ya maiti, ndipo useme ya mzigo."

Niliiwasha simu ya mama mbele yake. Ujumbe wa siku thelathini na zaidi uliingia mfululizo, salamu za watu wanaomuuliza kwa nini yuko kimya. Picha ya namba yake ilikuwa ile ile, waridi jekundu. Niliandika maneno kwenye karatasi ya daftari kwanza, kwa sababu nilijua nikisema bila karatasi nitalia. Mara mbili nilirikodi nikafuta. Ya tatu bibi alinishika goti, nikamaliza:

"Assalaam aleikum. Nawaomba msishtuke. Namba hii ni ya mama, lakini anayesema si yeye, ni mwanawe mkubwa. Mama ametangulia mbele ya haki, leo siku ya thelathini na tatu. Kwanza nakuombeni radhi yake. Kama alikuuzia kanga ikachuja, au alikujibu neno likakuuma, msamehe. La pili, mzigo alioagiza mwenyewe umefika. Kanga doti arubaini, madira ishirini, na mitandio ya rangi zote. Doti tatu zimeingia maji pindoni. Nimezitenga, na anayezitaka nitamwonesha doa kwanza. Ni nyumbani pale pale, kila siku baada ya alasiri. Na namba yangu naiandika hapa chini, tafadhalini iwekeni."

Niliachia kidole. Alama zikawa mbili, mbele ya macho yetu. Kisha kile kipaza sauti kidogo kikaanza kugeuka buluu kwa mmoja, kwa mwingine, kwa mwingine. Walikuwa wakisikiliza. Kwa muda mrefu hakuna aliyejibu, na bibi akasema, "Waache. Wanalia."

Majibu yalikuja kwa sauti. Wengine walitoa dua tu wakakata. Mmoja wa Wingwi alisema: "Nimemsamehe dunia na akhera. Ile kanga ya buluu ilichuja kweli, ilinitia rangi mpaka masikio, mume wangu akaniuliza kama nimehamia kwa mashetani. Lakini nimemsamehe. Sasa niwekee mbili, na zisichuje." Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, na kilio kikanijia katikati ya kicheko.

Walikuja. Hawakuja kununua kwanza. Waliingia, wakanipa mkono wa pole, wakakaa, wakaeleza mama aliwahi kuwafanyia nini. Ndipo wakanyoosha mkono kwenye kanga. Na kila aliyesimama kuondoka nilimzuia kizingitini. "Nisevu mbele yangu."

Ijumaa ile tulisoma khitma, na ami akaja baada ya swala kama alivyoahidi, na gari ya kukodi. Begi la wadogo zangu lilikuwa ukumbini, limefungwa. Nilikuwa nimeahidi, na mzigo ulikuwa haujamalizika. Alisimama nje akatazama ndara zilizojaa mlangoni.

"Viatu vyote hivi vya nani? Khitma si imekwisha?"

"Wateja, ami."

Hakuweza kuingia, wanawake walikuwa ndani wanajaribu madira. Akakaa barazani. Mdogo wangu mdogo alimpelekea kahawa. Nilimwona kupitia dirisha akisikiliza kelele za ndani, mabishano ya rangi, na mtu akiapa kuwa yeye ndiye aliyewahi kuishika ile ya zambarau. Alikaa mpaka adhana ya magharibi, wanawake wakatoka mmoja mmoja wakimwamkia.

Nilitoka na begi, nikaliweka miguuni pake. Hakulitazama.

"Zile zenye doa," akasema, "zimebaki?"

Hapo nikajua kuwa namba ya mama ilikuwa kwenye simu yake, na kwamba yeye pia alisikiliza.

"Imebaki moja."

"Nataka ya mke wangu. Lakini ulisema unaonesha doa kwanza."

Nilimletea, nikaikunjua pindo kwenye mwanga uliobaki. Akalipapasa doa kwa kidole gumba, taratibu. Kisha akaikunja mwenyewe, vibaya, kama wanaume wanavyokunja, akaitia kwapani. Akamwita dereva amwambie wanarudi wawili tu, kama walivyokuja.

Kabla ya kupanda garini alinipa simu yake. "Niwekee yako," akasema. "Ya mama'ko nayo usiifute."