Karatasi ya Saba

Shemeji yangu Bernadi alinidanganya kuhusu karatasi, kwa sababu anajua sisomi.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wa Matiri. Miaka minne tuliuza kahawa pamoja ili tuagize mashine ya kumenya kahawa kutoka India. Bernadi tulimfanya katibu kwa kuwa kalamu anaijua. Mashine ilipofika bandarini Dar es Salaam, alikuja na karatasi na wino.

"Shemeji, weka dole hapa. Forodha wanaitaka."

Nikamwambia twende Mbinga mjini, kwa Flavia anayechapa barua, nimpigie wakala wa forodha mwenyewe.

"Wewe uongee na wakala?" akacheka. "Utamuuliza bei ya dagaa?"

Tulipofika, Flavia akapiga, akaweka simu kwa sauti kubwa. Wakala, anaitwa Ambokile, akaniamkia kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Nitajie karatasi unazotaka, polepole. Kila moja nafunga fundo kwenye khanga."

"Sawa, mama. Hati ya shehena ya kampuni ya meli, ile halisi, si kopi."

Fundo.

"Ankara ya aliyewauzia. Orodha ya yaliyomo kwenye makasha. Cheti cha ukaguzi wa ubora, kilichotolewa kabla mzigo haujapanda meli. Bima ya mzigo. Na barua ya kikundi ya kunipa kazi, yenye mhuri, dole lako na namba yenu ya mlipakodi."

Mafundo sita.

"Ya saba?"

"Kwa mzigo wako hakuna ya saba, mama."

"Basi hii ya shemeji ni ipi? Flavia, isome."

Flavia akaisoma. Ilisema mimi, mwenyekiti, namkabidhi Bernadi mashine iwe mali yake.

Bernadi akatazama dirishani. "Ni utaratibu tu, shemeji."

"Hapana," Ambokile akasema kwenye simu. "Hati ya shehena imeandikwa jina la kikundi. Bila kikundi kunituma, sigusi mzigo. Na bila hati halisi, kampuni ya meli haiuachii."

"Hati ninayo mimi," Bernadi akasema. "Tuone utaitoa vipi mashine."

"Tuone," nikamjibu. Nikachovya dole kwenye wino wake mwenyewe, nikaligandamiza kwenye barua ya kumpa Ambokile kazi aliyoichapa Flavia, nikapiga na mhuri wa kikundi. Karatasi ya saba nikaikunja, nikaiweka kifuani. Hiyo ataiona tena mbele ya mtendaji wa kata.

Mafundo matano nimeyafungua, karatasi zake zimeshamfikia Ambokile. Moja bado liko kwenye khanga yangu, naenda nalo kanisani na shambani, na anayeuliza namwambia ni la nani. Bernadi anadaiwa hati ya shehena, ile halisi. Ailete kwa mikono miwili, akina mama wote wakiwapo, na aisome kwa sauti kama ilivyoandikwa.