Karatasi Niliyoitukana

Nilipokuwa wodini, upande wa Ngara, nilikuwa na sifa moja niliyoipenda kuliko mshahara: naandika vizuri. Kila mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani huondoka na muhtasari, karatasi ya kumweleza daktari wa kule anakoishi nini kilitokea hospitalini na nini kifanyike sasa. Wenzangu waliiandika wakiwa wamesimama, mistari michache, sahihi, kwaheri. Mimi nilivuta kiti kwenye kompyuta ya wodi. Nilianzia siku tumbo lilipoanza kuuma, nikapitia magonjwa ya ukoo, nikapanga vipimo vyote, hata vile visivyoonyesha kitu, kisha nikajadili kama niko mbele ya watahini. Daktari bingwa aliyekuwa akitutembelea alizisoma kwenye kikao cha asubuhi na kusema, "Huyu ndiye daktari." Kichwa kikanivimba. Sikuwahi kujiuliza karatasi zile zinasomwa na nani zikishatoka getini. Nilimwandikia bingwa; sura za wagonjwa wenyewe nilizisahau wakishaondoka.

Baadaye nikahamishiwa kituo cha afya upande wa Biharamulo, kinachohudumia watu wa Nyamahanga na vijiji vya jirani. Waganga tulikuwa wawili, mimi na tabibu mmoja, kaka mpole anayeongea kwa sauti ya chini hata akiwa amekasirika. Asubuhi mabenchi yanajaa, watoto wanalia, na mgonjwa mmoja akikuchukulia muda mrefu unasikia kabisa watu wanavyoguna nje. Kule ndiko nilikoanza kuchukia mihtasari mirefu. Nililalamika kila siku. Nilisema madaktari wa hospitali hawajui kazi yetu, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka huko juzijuzi.

Siku moja mama mtu mzima alimleta mume wake kwa bodaboda. Mzee alishikiliwa kwapani hadi kwenye kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba dakitari. Miguu imekataa. Haina nguvu kabisa."

Nilimshika mkono. Mapigo yalikuwa ya taratibu mno, yanakuja kwa kusitasita. Mkewe akaeleza kwamba walikuwa wamekwenda kwa binti yao aliyeolewa Mbuba, kule Ngara, kusaidia kuvuna maharage. Huko mzee akaharisha na kutapika hadi akalazwa. Aliporudi nyumbani walikuja hapa kituoni na karatasi ya hospitali, wakapewa dawa zake za presha, akazimeza zote bila kukosa. Akafungua fundo la kitenge, akatoa mfuko wa plastiki wenye vidonge na karatasi iliyochapwa, imekunjwa vizuri sana.

Vidonge nilivitambua mara moja: enalapril, dawa ya presha ya siku nyingi, na vingine vipya vya presha, amlodipine. Karatasi ndiyo iliyonishinda. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa historia. Alikula nini, aliharisha mara ngapi, baba yake mdogo alikufa kwa nini. Nikapandwa na hasira. Nikafungua mlango wa chumba cha pili na kumwita tabibu.

"Hebu njoo uone huu upuuzi! Mtu kajaza kurasa mbili, lakini hasemi mgonjwa ameze nini na aache nini. Hivi huyu alifikiri tunasoma riwaya hapa? Watu wa namna hii wanaua, basi tu hawafungwi."

Tabibu aliitazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akatazama sakafu. Nikageuza ukurasa huku bado nafoka. Katikati ya aya ndefu juu ya figo nikakuta nilichokuwa nakitafuta. Figo za mzee zilikuwa zimeumia kwa kuishiwa maji huku akiendelea kumeza enalapril, potasiamu ikapanda kwenye damu, na dawa hiyo ikasitishwa. Lilikuwa neno moja tu, limezama humo. Halafu chini kabisa, mahali ambapo mtu mwenye haraka hutazama: apewe amlodipine, aendelee na dawa zake za kawaida.

Dawa yake ya kawaida ilikuwa enalapril.

Na chini ya hapo palikuwa na sahihi yangu, na mhuri wenye jina langu.

Masikio yaliwaka moto. Nilitamani tabibu aondoke, lakini ni mimi niliyemwita. Yule mama aliona nyuso zetu zimebadilika.

"Kwani mumekosea?"

Tabibu akajibu kwa ile sauti yake ya chini. "Mama, mimi ndiye niliyempa mzee zile dawa. Nilisoma haraka. Mnisamehe."

Hapo ndipo ningesema. Nafasi ilikuwa wazi kabisa. Badala yake nikaikunja karatasi na kusema, "Tumhudumie mgonjwa kwanza." Ni kweli alihitaji kuhudumiwa, potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama wakati wowote. Lakini sikusema vile kwa sababu hiyo.

Hatukuwa na kipimo cha potasiamu. Tulichukua kalsiamu kwenye sanduku la dharura la chumba cha kujifungulia, ile inayowekwa kwa ajili ya akina mama wanaopewa magnesiamu kwa kifafa cha mimba, nikamchoma polepole kwenye mshipa ili kuulinda moyo, na tukaita gari la wagonjwa. Nikakaa kuandika rufaa. Mkono wangu, sijui ni laana gani, ukaanza, "Mzee huyu ni mkulima..." Nikaichana. Nikaandika upya: nashuku potasiamu imepanda, figo ziliumia hivi karibuni, amerudishiwa enalapril kimakosa, kalsiamu imetolewa saa hii, mpimeni potasiamu na figo mara tu akifika. Ikaisha. Dereva hakuwa hata amewasha gari.

Siku zilizofuata nilimchukia tabibu. Nasema ukweli. Hakunitania wala hakuniuliza kitu, na kila alivyonyamaza nilimfokea zaidi, mara kwa sindano, mara kwa kuchelewa chai. Usiku nilijiambia kwamba na yeye alipaswa kuisoma karatasi yote. Asubuhi nilikutana na mabenchi yaliyojaa, na mimi mwenyewe sikusoma karatasi ya mtu yeyote neno kwa neno.

Mzee alirudi akitembea kwa fimbo, mkewe kando yake. Figo zilikuwa zimepata nafuu. Muhtasari aliokuja nao, niliousoma pale mapokezi, ulioandikwa na mtu nisiyemjua, ulianza hivi juu kabisa, kwa herufi kubwa: ASIPEWE TENA ENALAPRIL, figo na potasiamu. Asinunue vidonge vya maumivu bila kuwauliza. Aendelee na amlodipine peke yake. Pimeni presha wiki hii. Damu ya figo na potasiamu irudiwe hapa hospitalini wiki ijayo. Maelezo mengine yalikuwa chini, kwa mwenye muda. Kabla mzee hajamaliza kuegemeza fimbo yake ukutani nilikuwa nimeshajua ameze nini na aache nini.

Lakini siku ile foleni ya tabibu ilikuwa fupi, na muuguzi akamwelekeza mzee huko. Akagoma mlangoni, kwa sauti ya kusikiwa na benchi zima.

"Yure hapana! Yure nusura aniue. Mimi nataka huyu dakitari aliyeniokoa."

Watu wakageuka kumtazama tabibu. Alikuwa amesimama na kalamu mkononi. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa sekunde kadhaa nilifurahi kuitwa mwokozi.

Kisha nikatoka nje. Nikasema, nao wote wanasikia, "Mzee, huyu hana kosa. Karatasi ya kwanza, ile iliyosema uendelee na dawa zako, niliandika mimi. Nilikuwa Ngara wakati ule."

Mkewe alishika mdomo. Mzee alinitazama, akamtazama tabibu, akarudi kwangu. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Aliuliza tu, taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Sasa mimi nitibiwe na nani?"