Kumi na sita kati ya ngapi?

Nilipewa karatasi ya alama mchana, bei zikiwa zinafunguliwa kesho yake asubuhi. Kazi yangu katika shirika letu pale Bariadi ilikuwa kuhakiki: kuangalia hesabu, kusaini, kurudisha. Zabuni ilikuwa ya mshauri elekezi wa kusanifu malambo ya kunyweshea mifugo, likiwemo moja la Mwamapalala, ambako lambo la awali lilibomoka kwa sababu ya usanifu mbovu. Kampuni tatu zilikuwa zimeomba.

Vigezo vilikuwa vitatu: uzoefu (uzito asilimia 20), mbinu za kazi (30) na wataalamu (50). Kila mtathmini alitoa alama kati ya mia kwa kila kigezo, kompyuta ikazidisha kwa uzito, kisha ukachukuliwa wastani wa watathmini watatu. Aliyepata chini ya 70 bahasha yake ya bei haifunguliwi. Anarudishiwa ikiwa imefungwa.

Kampuni ya kwanza ilipata 78, ya pili 74, ya tatu 67.1. Nilirudia kuzidisha na kugawanya kwa mkono. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, na hilo ndilo lililonisumbua. Watathmini wawili walikuwa wameipa kampuni ya tatu 84 na 86. Wa tatu, mhandisi mzee mstaafu, alikuwa ameipa 31.4.

Nikafungua fomu yake. Uzoefu 16, mbinu 24, wataalamu 42. Pembeni ya ile 16 alikuwa ameandika: "Uzoefu mzuri sana, malambo mengi." Nani humpa mtu kumi na sita kwa mia halafu akamsifu?

Nilimpelekea fomu hiyo mwenyekiti wa kamati ya tathmini.

"Yule mzee ni mkali, dada," alisema bila kuinua macho. "Watathmini si mapacha."

"Ukali hauandiki 'mzuri sana'."

"Basi rekebisha mwenyewe, usaini. Kesho tunafungua bei."

"Alama si zangu. Ni zake."

"Haya, mtafute. Yuko Mwamanyili kwenye eneo la lambo jingine. Na kama hajapatikana, sisi tunafungua."

Nilimpigia simu mzee hadi jioni. Mara haipatikani, mara inaita tu. Katikati ya majaribio hayo mwenyekiti alipita mlangoni na kuuliza kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima kama mkaguzi ameshamaliza kupika ugali wake. Watu walicheka. Nilipiga tena.

Asubuhi mzee akaingia na pikipiki, suruali imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa ameona simu zangu alipotoka porini. Wawakilishi wa kampuni walikuwa tayari wamekaa ukumbini.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma, kisha nikamwonyesha fomu. "Hii kumi na sita ni kati ya ngapi?"

"Kati ya ishirini, mwanangu. Si imeandikwa?"

Ilikuwa imeandikwa, juu ya safu, kwa herufi ndogo: kati ya 20, kati ya 30, kati ya 50. Nilikuwa nimeangalia namba tu. Karani akaitwa, akaeleza: siku ya tathmini umeme ulikatika kukiwa kumepungua fomu moja, akaenda kuichapa kwenye duka la stationery mjini. Kwenye flashi kulikuwa na rasimu ya zamani ya fomu, ambayo alama zake zilikuwa na uzito ndani tayari. Fomu hiyo ikamwangukia mzee, kwa kampuni ya tatu. Kompyuta ikazidisha uzito mara ya pili.

Kamati ilikaa upya kwa manung'uniko, wageni wakisubiri. Mzee aliandika alama zake kati ya mia: 80, 80 na 84. Akasaini kila rekebisho. Jumla yake ikawa 82, na wastani wa kampuni ya tatu ukawa 84. Bahasha tatu zikafunguliwa badala ya mbili.

Ufundi ulibeba asilimia 80, bei 20. Kampuni ya kwanza ilikuwa na bei ya chini kuliko zote, ikapata mia ya bei. Ya pili ikapata 90, ya tatu 80. Jumla ya mwisho: ya tatu 83.2, ya kwanza 82.4, ya pili 77.2.

"Yaani tumesimamisha watu wote hawa kwa nukta nane," alisema mwenyekiti.

Muhtasari ulioletwa nisaini ulikuwa umechapwa jana yake, na ulisema uhakiki haukuona dosari. Niliukataa. Ukachapwa mwingine, mfupi, ukisema "marekebisho madogo yalifanyika." Nikaongeza kwa kalamu ni yapi, kisha nikasaini.

Nikaenda kwa karani kuomba ile rasimu ifutwe. Akasema hawezi kufuta chochote bila idhini ya mwenyekiti.