Mstari Mmoja, Pumzi Moja

Kwa miaka ishirini na miwili, katika kanisa la mabati lililo juu kidogo ya soko la Mitaboni, hakuna wimbo ulioimbwa bila kupitia kwanza kinywani mwa Syokau. Kitabu cha nyimbo kilikuwa kimoja kwa benchi nzima, na wako wengine ambao hata wakikishika hawangekisoma. Basi Syokau alikuwa akisimama kando ya mimbari, anasoma mstari mmoja kwa sauti, watu wanauimba. Anasoma wa pili, wanauimba. Kazi hiyo waliiita kutoa mstari. Hakuna aliyemfundisha. Alijua tu mahali watu watavuta pumzi, vile alivyojua mahali kiwiko kitakunjika akikata mkono wa shati, maana siku zingine za juma alikuwa fundi wa kushona.

Halafu runinga ikaja. Ilitundikwa ukutani mbele, kubwa kama mlango, na maneno ya nyimbo yakawa yanatokea hapo. Mstari haukutolewa tena. Syokau hakununa. Alichukua nafasi kwenye benchi ya mwisho, karibu na mama yake, akaimba kama watu wengine.

Aliyenyamaza ni mama yake.

Munyiva alikuwa na miaka sabini na tisa. Alijua kusoma, na alijifunza kwa jasho, kwa kuwa aliingia ngumbaru, darasa la watu wazima, akiwa mama wa watoto sita ili asome Biblia kwa macho yake mwenyewe. Sasa macho yale yalikuwa yameingia ukungu. Daktari wa macho alimwambia ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na tarehe ya kupasuliwa ilikuwa bado miezi minne. Nyimbo za zamani alikuwa nazo kichwani, lakini kwaya ya siku hizi inaleta wimbo mpya kila mwezi.

Jumapili moja walikuwa wakitembea kurudi nyumbani, Munyiva ameshika mkono wa binti yake.

"Kile kioo chenu," akasema, "ni kama kuangalia jua likitoka upande wa Yatta. Naona weupe tu. Maneno yako wapi?"

"Yako ndani ya weupe, mwaitu," Syokau akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Basi yakae huko." Alitembea hatua kadhaa. "Syokau, mtu asiyeimba nyumbani kwa Bwana ni mgeni. Na mgeni hakai siku nyingi. Jumapili ya Mavuno nitakuja, kwa sababu ni ya kushukuru. Baada ya hapo nitakuwa nikisikiliza redio."

Mavuno yalikuwa baada ya wiki mbili. Syokau alimfahamu mama yake. Munyiva akisema neno, limeshaondoka, halirudi.

Jumatatu asubuhi Pasta Mutunga alifika kwenye kibanda cha kushonea cha Syokau sokoni, akasimama kati ya sare za shule zilizoning'inia.

"Mama Mumo, Lavender amejifungua. Msichana."

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe. Yeye ndiye aliyekuwa akitutengenezea nyimbo za runinga, na sasa hakuna mtu. Nimeona ni wewe."

Syokau aliacha kukanyaga cherehani. "Pasta, mimi niliishia darasa la saba. Mashine ninayoijua ni hii."

"Nyimbo je, unazijua?"

"Nyimbo nazijua."

"Basi mashine utaonyeshwa. Nyimbo ndizo mtu haonyeshwi."

Lavender, mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari, alimfundisha jioni tatu mfululizo akiwa kitini, mtoto mkononi. Alimwonyesha kwamba kila ukurasa unaitwa slaidi, na kwamba mshale wa kulia huleta slaidi inayofuata. Zile alizotengeneza yeye zilikuwa na ukuta mweupe nyuma ya maneno, maua ya waridi kwenye pembe, na herufi za kujipinda kama za kadi ya harusi. Ubeti mzima ulikaa kwenye slaidi moja.

"Zinapendeza," Syokau akasema kwa heshima, "lakini mbona ni ndogo hivi?"

"Ili ubeti utoshee, Mama Mumo. Ukitaka kubwa, gusa hapa, uongeze. Usiogope, haitakuuma."

"Ninyi mnasema haiumi. Hata mbwa wa jirani niliambiwa hivyo hivyo."

Lavender alicheka mpaka mtoto akaamka.

Syokau aliongeza herufi. Arobaini, hamsini, sitini. Zikawa nene, akafurahi, akaziondolea na kule kujipinda. Jumapili ile ya kwanza aliketi nyuma na kompyuta, waya mrefu umepita kando ya ukuta hadi kwenye runinga. Wimbo mpya wa mavuno ukaanza, na kwenye runinga pakaandikwa:

Ulitupa mvua kidogo tukapanda
kwa imani leo ghala
limejaa tunasema ni
wewe

Ile mashine ilikuwa imekata mstari pale nafasi ilipoishia, kama mtoto anayekata kitambaa bila kuchora. Waliojua wimbo walipumua baada ya "kidogo". Waliosoma walipumua baada ya "tukapanda". Nusu ya kanisa ilifika kwenye "ghala" na kusimama hapo kama ng'ombe mbele ya daraja. Mzee Mutuku, mwenye sauti nzito kuliko wote, alibaki peke yake akiimba "wewe", watu wamemaliza, akageuka kutazama ni nani aliyemwacha.

Na Munyiva alikuwa ameinamisha kichwa, mkono umekinga macho.

Baada ya ibada Mutuku alimwambia Syokau, "Mama Mumo, leo umeniweka kwa 'wewe' kama mtu aliyeachwa na gari."

"Nisamehe, Mzee."

"Sina neno. Lakini wakati ule ulikuwa unatutolea mstari, sikuwahi kupotea."

Maneno hayo yalimfuata mpaka nyumbani, na usingizini, na Jumatatu yakaingia naye kibandani. Wakati wa kutoa mstari hakuwahi kuuliza nafasi imeishia wapi. Mstari ulikuwa ni kile kinachotoshea katika pumzi moja ya mtu. Alifungua kompyuta juu ya meza ya kukatia, akafumba macho, akaweka mkono kifuani, akaimba polepole. Kila kifua kilipoinuka kuvuta hewa, alifumbua macho na kubonyeza kile kitufe cha kushusha mstari. Na ubeti ulipozidi mistari minne, aliugawa, sehemu nyingine ikaenda slaidi yake. Kibwagizo nacho akakiandika upya baada ya kila ubeti, ili asirudi nyuma akitafuta wakati watu wanangoja.

Ulitupa mvua kidogo,
tukapanda kwa imani;
leo ghala limejaa,
tunasema ni wewe.

Akauangalia ubeti. Ulikuwa umekaa kama gauni mwilini mwa mwenyewe. Lakini weupe ulikuwa bado pale, na mama yake angekinga macho tena.

Alhamisi Munyiva alikuja kibandani kukaa naye, kama alivyozoea. Syokau alikuwa anakata suti nyeusi ya mteja, na kitambaa kilikuwa kimeangukia magotini mwa mama yake. Munyiva alipitisha kidole juu yake.

"Huyu mtu ana kiuno kikubwa," akasema.

Syokau aliendelea kukata. Kisha mkasi ukasimama.

"Umejuaje, mwaitu?"

"Si nauona mstari wa chaki huu hapa?"

Syokau alichukua kitambaa cheupe cha blauzi, kilichochorwa kwa chaki ya buluu, akakiweka juu ya kile cheusi. "Na hapa kuna nini?"

Munyiva aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. "Hapa kuna mwanga tu."

Syokau aliweka mkasi chini kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba yai. Miaka yote hii amechora chaki nyeupe juu ya nguo nyeusi, na Mungu alikuwa amemwekea jibu pale mezani, kwenye vumbi la kazi yake. Aligeuza kompyuta. Maua ya waridi akayaondoa kwa moyo wa pole. Ukuta akaufanya mweusi kabisa, na maneno meupe.

"Mwaitu, angalia."

Lakini Munyiva alikuwa amesinzia, na Syokau hakuthubutu kumwamsha. Aliogopa. Mezani ni karibu; kutoka benchi ya mwisho hadi ukutani ni mbali, na jambo hili lingejulikana huko tu.

Jumamosi alienda kanisani, akavuta mapazia ya madirisha ili jua lisigonge kioo, akawasha runinga, akaketi mahali pa mama yake kabisa. Alikunja macho, akayaacha wazi kidogo tu, dunia ikawa ukungu. Maneno yalikuwa bado yanasomeka, lakini kwa shida. Akaongeza herufi tena, hata ikabidi slaidi moja ibebe mistari miwili tu pale ilipokuwa mirefu. Akasema, "Bwana, mimi nimekata. Wewe ndiwe unayejua mwili utakaovaa."

Jumapili ya Mavuno kanisa lilinukia maembe na mahindi mabichi. Magunia yalipangwa mbele, kuku wawili wamefungwa miguu chini ya meza. Wimbo ukaanza. Syokau, kidole juu ya mshale, alikuwa amejifunza kubadilisha slaidi wakati watu wameshika neno la mwisho, si baada yake, ili wasifike mahali pakavu. Ubeti ukapita. Watu mia mbili walipumua pamoja, kifua kimoja, na Mzee Mutuku hakuachwa na mtu.

Kibwagizo kikatokea, cheupe juu ya giza:

Mikono mitupu uliijaza,
vinywa vikavu ukavipa wimbo.

Hapo akasikia sauti kando yake. Ilikuwa nyembamba, imepasuka kidogo, inatambaa kwenye maneno kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. *Mikono mitupu.* Syokau aligeuka. Munyiva alikuwa amesimama, shingo imenyooka, mkono haukukinga chochote. Midomo yake ilitangulia sauti kidogo, vile wanavyosoma watu wa ngumbaru. Hakuwa anakumbuka, kwa kuwa wimbo huu hakuwahi kuujua. Alikuwa anausoma.

Syokau alimtazama, na akasahau kwamba ana kidole.

Slaidi ikabaki. Kanisa lilifika mwisho wa mistari ile miwili, likaona bado iko, likaimba tena. *Vinywa vikavu ukavipa wimbo.* Bado iko. Wakaimba mara ya tatu, na mpiga kinanda akaelewa akashusha sauti, na sasa Munyiva alikuwa amevuka mto, hahitaji tena mawe, anaimba kwa kifua chote. Mama mmoja mbele alipiga magoti. Wengine wakafuata. Hakuna aliyewaambia.

Mara ya tano Munyiva alimgusa binti yake begani bila kuacha kutazama mbele.

"Syokau," akanong'ona, "geuza. Nataka kuona kuna nini mbele."

Syokau akabonyeza mshale.