Kadi za Saa za Mafundi

Miaka ya hamsini ilipoanza nilikuwa karani wa saa katika karakana moja ya mitambo mjini Shinyanga. Nilikuwa na saa ya mkononi, kalamu mbili mfukoni na kiburi cha kumtosha mkuu wa wilaya. Karakana yetu ilikodisha mafundi. Kiwanda cha pamba au mgodi wa dhahabu ukiharibikiwa na injini, tulipeleka fundi, na mteja alitozwa kwa kila saa ambayo fundi alimtumikia.

Siku moja tajiri, ndivyo tulivyomwita mwenye karakana, aliniita ofisini. Alitaka kujua katika saa tulizokuwa nazo ni ngapi zilikwenda kwa wateja na ngapi zilipotelea uani. Kila fundi angeandika kadi yake, nami ningetoa hesabu kila Jumamosi. Kazi ya kuwaelewesha mafundi ilikuwa yangu, na niliipokea kwa furaha ya mtu asiyejua anachokipokea.

Mafundi walikuwa sita. Niliwaketisha kwenye magogo uani, nikatoa debe la maharage na makopo mawili. Nikahesabu punje arobaini na nane.

"Hizi ni saa zako za wiki," nikasema. "Siku sita, saa nane kila siku. Saa uliyomfanyia mteja kazi, weka punje kopo hili. Saa ya kufagia, kunoa patasi, kungoja vipuri, weka kopo lile. Jumamosi tunaangalia kopo la mteja limebeba sehemu gani ya punje zote. Tajiri anataka robo tatu, yaani thelathini na sita."

"Kwa nini asitake zote?" akauliza mmoja.

"Kwa sababu karakana haijifagii."

"Na saa ya kusalimiana?"

Hapo wote walicheka, maana kwa Wasukuma salamu ya asubuhi haiishii kwenye *mwangaluka*. Unaulizwa ng'ombe, mvua, watoto, na mkwe wa jirani. Nikaamua salamu iende kopo la pili. Mwingine akauliza kuhusu kwenda chooni, nikamwambia asinichoshe.

Fundi mkubwa, mzee mmoja Mkatoliki wa Ushirombo aliyefundishwa kuandika na mapadri, alikuwa hajacheka. Aliinua mkono.

"Mwanangu, kazi ya mteja inaanza lini na inaisha lini?"

Nilitaka jibu fupi lenye kupendeza. "Shikamoo, mzee," nikaanza, maana nilikuwa sijamwamkia tangu asubuhi.

"Marahaba."

"Andika muda ambao mkono wako umeshika spana. Basi."

Alitikisa kichwa kukubali. Nilijiona mwalimu hodari.

Baada ya wiki nne nilikuwa na jedwali safi lenye mistari ya wino mwekundu. Fundi wetu kijana, mtanashati aliyepaka mafuta nywele, aliongoza kwa wastani wa saa arobaini na nne kwa wiki katika arobaini na nane. Fundi mkubwa alikuwa mkiani. Saa zake kwa wateja zilikuwa kumi na mbili, robo kamili. Tajiri alipitisha kidole kwenye jedwali, kikasimama chini kabisa.

"Huyu namlipa kuliko wote," akasema, "na robo tatu ya wiki amekaa. Mwisho wa mwezi ataondoka."

Mzee yule alikuwa na watoto saba, na ndiye aliyenigawia ugali wake nilipofika mjini sina hata sufuria. Lakini jedwali lilikuwa langu, kwa mwandiko wangu, na nilikuwa nimelisifu mwenyewe. Nilichoweza kufanya ni kumwomba tajiri aniruhusu niende na mzee safari moja nikampime kwa saa yangu. Akakubali, kwa sharti kwamba nikirudi na hesabu ileile nisimwombe tena.

Tulikwenda mgodi mmoja upande wa Geita, mwendo wa saa tano kwa lori. Injini ya pampu ya kuvuta maji shimoni ilikuwa inazimika ovyo. Fundi wetu kijana alikuwa ameitengeneza mara tatu, na kila mara aliandika siku nzima.

Mzee aliiwasha injini, akavuta sanduku, akakaa. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni. Nikaangalia saa yangu. Injini ilinguruma nusu saa, kisha ikafa. Akaiwasha tena, akakaa upande wa pili. Nusu saa nyingine ikapita. Nilianza kutoka jasho kwa niaba yake.

"Mzee," nikamnong'oneza, "huwezi kushika spana kidogo?"

"Nishike ya nini? Sijajua inaumwa wapi."

Injini ilikufa mara nne. Mara ya tano alipitisha kidole taratibu chini ya bomba la mafuta, akakisimamisha mahali, akaniita nione. Palikuwa na ufa mwembamba. Injini ikipata moto, upepo uliingilia hapo na mafuta hayakufika. Akatoa bomba, akafunga jipya. Kisha akaiacha ingurume saa nzima huku amefumba macho, nami nikadhani amelala mpaka nilipokohoa naye akaniashiria ninyamaze. Haikufa.

Tulikuwa tumekaa pale saa nne na robo. Akatoa kadi yake na kuandika kwa mwandiko mzuri wa mapadri: *Robo saa.*

"Mzee! Na hizo saa nne?"

"Nilikuwa nimekaa," akasema. "Wewe mwenyewe ulisema spana. Siwezi kumtoza mtu kwa kukaa kwenye sanduku lake."

Msimamizi wa mgodi, ambaye ndiye hutia sahihi kadi za mafundi, aliitazama akacheka. "Kila mara mzee huyu anatuletea robo saa," akasema. "Yule kijana wenu anatutoza siku nzima, na kesho yake pampu imekufa. Andikeni haki, nami nitatia sahihi."

Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Kutafuta ugonjwa wa injini ndiyo kazi yenyewe, na kuijaribu baada ya kuitengeneza ni kazi pia. Kurudia kazi uliyoiharibu mwenyewe ndiyo isiyopaswa kumwangukia mteja. Mimi nilikuwa nimelifunga jambo lote hilo kwenye spana, kwa kuwa neno lilikuwa fupi.

Kesho yake nilisimama mbele ya tajiri, nikamwambia jedwali ni la uongo na mwongo ni mimi. Akaniuliza kama nilijua kwamba angeweza kunifukuza mimi badala ya mzee. Nikasema najua.

"Rudi uani ukawafundishe upya," akasema hatimaye. "Na hesabu ya mwezi huu uichane. Mzee anabaki."

Niliwaketisha tena kwenye magogo. Safari hii nilimwomba mzee aeleze yeye kazi inaanza lini na inaisha lini, nami nikakaa chini na kuandika. Alizungumza muda mrefu. Fundi kijana alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumamosi nilikusanya kadi. Ya mzee ilikuwa na saa thelathini na saba za wateja, kila moja na jina la mtambo na sababu yake. Chini yake, kwenye sehemu ya saa zisizotozwa, alikuwa ameandika: *Saa moja. Kumfundisha karani kazi. Mteja asilipe, kosa ni letu.*