Kadi Niliyoifuta

Kwa miezi kadhaa mama alinipigia simu kila siku baada ya swala ya magharibi, na hakusikia hata neno moja nililomjibu. Yeye alikuwa nyumbani Mashewa, mimi nipo Chanika hapa Handeni, ninakoshona nguo. Simu ikiita napokea, namwamkia, "Shikamoo mama," naye haitiki. Anasema yake tu: "Nipo. Nimeshakula. Mbuzi wamerudi wote. Haya, lala salama." Anakata. Siku nyingine nilibaki na simu sikioni nikiwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Sikio lake la kulia lilikufa zamani. La kushoto lilikuwa likisikia kwa msaada wa kifaa alichopewa na madaktari waliowahi kupita Korogwe. Kifaa chenyewe kilikuwa kizima bado. Kilichokufa ni kile kiwaya chembamba kinachoingia sikioni, chenye kispika kidogo kama punje ya mtama. Mtaalamu wa masikio mjini Korogwe alikikagua, akaniandikia aina yake na upande wake, akaniambia nikipata kiwaya kipya kinachomekwa tu. Nilipiga simu maduka ya Tanga, nikapiga ya Dar, hawakuwa nacho cha aina ile. Hatimaye nikakiona kwenye duka moja la mtandaoni, huko nje ya nchi. Nikajiapiza kwamba mama atanisikia, liwalo na liwe.

Mimi sina akaunti ya benki. Wateja wangu wananilipa kwa simu, na hela zangu zinakaa humo humo kwenye simu. Nilipofika sehemu ya kulipia nilijua kazi imekwisha, maana hela ipo na duka lipo. Kumbe lile duka halina habari na hela ya simu. Linataka namba ya kadi.

Pembeni ya kibanda changu anakaa binti mmoja, wakala wa huduma za fedha za simu. Alinionyesha kwamba kwenye ile menyu ya simu naweza kutengeneza kadi isiyo ya kushika mkononi, namba tupu: tarakimu kumi na sita, tarehe ya mwisho wake, na zile tatu za siri. Nikazijaza dukani. Ikakataa.

"Inakataaje wakati hela ninaiona?" nilimfokea binti wa watu, kana kwamba duka ni la baba yake.

"Dada, hiyo unayoiona ipo kwenye simu. Kwenye kadi hakuna kitu. Ni kama umeacha hela nyumbani ukaja gulioni mikono mitupu. Lazima uihamishe kwanza."

Nilitafuta bei ya dola siku hiyo, nikapiga hesabu, nikahamishia kwenye kadi kiasi kile kile kinachotakiwa bila kuzidisha. Ikakataa tena. Hapo nilitamani kuipigiza simu chini, ila ndiyo ofisi yangu.

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja, mteja wangu, aliyekuja kuchukua suruali yake. Alisikiliza malalamiko yangu akacheka. Aliniambia wanaoendesha kadi hawabadilishi dola kwa bei ninayoiona mtandaoni. Wana bei yao, juu kidogo, na makato yao juu ya hapo. Akatoa kadi yake ya benki akanionyesha.

"Hii yangu haijazwi. Ni mlango wa akaunti. Nikinunua, inachota kwenye mshahara wangu moja kwa moja. Bei ikizidi kidogo, sijui wala sioni, inapita tu kwa sababu hela nyingine ipo. Yako inaishia pale ulipoijaza. Ikipungua hata kidogo, imekataa."

"Na yako kila duka la mtandaoni inakubali?"

"Inakubali, ila kwanza ilibidi niombe benki wanifungulie manunuzi ya mtandao. Lete nikulipie, utanirudishia."

Nilikaribia kukubali. Lakini mwalimu ana mdomo, na mdomo wake ndio ulionigeuza. Alianza kunisimulia jinsi alivyowahi kuiweka kadi hiyo kwenye mtandao wa filamu ili aangalie bure mwezi wa kwanza, akasahau. Kila mwezi mshahara ukiingia, wale wa filamu nao wakawa wanachukua chao. Alipokuja kugundua, ikabidi benki wamfungie ile kadi na kumpa mpya, akaunti ikabaki ile ile. Alisimulia akicheka. Mimi sikucheka. Nilimfikiria mke wake na watoto wao, nikaona siwezi kuuacha wazi mlango wa mshahara wa mtu kwa ajili ya shida yangu. Afadhali kadi yangu maskini. Hata ikiibiwa, mwizi ataondoka na nilichokiweka humo tu.

Nikaongeza hela kwenye kadi, safari hii na ya ziada. Ikapita. Nilipiga kigelegele mpaka wateja wa jirani wakachungulia.

"Sasa ifute," binti wakala akanishauri. "Mimi wateja wangu wote nawaambia, ukishanunua futa kadi, wezi wa mtandao wasiikute."

Nikaifuta. Ile ziada iliyokuwa imebaki ikarudi kwenye simu yangu pale pale, nikajiona mjanja wa wajanja. Nikampigia kaka yangu wa Korogwe, ambaye sanduku lake la posta ndilo nililoandika kwenye agizo, nikamwambia akae macho.

Baada ya siku chache lile duka likaniandikia. Viwaya vya upande wa kushoto vimekwisha. Wanaomba radhi, na hela yangu wameirudisha kwenye kadi niliyolipia.

Kadi ipi? Niliusoma ule ujumbe nikiwa nimesimama, nikaketi.

Mwalimu nilipomweleza alikuna kichwa. Kwake yeye, alisema, hata kama kadi imebadilishwa, hela ikirudi benki inajua pa kuipeleka, kwa sababu akaunti ipo. Yangu ilikuwa imerudishwa kwenye namba ambayo mimi mwenyewe nimeiua. Binti wakala alikaribia kulia. Nilimwambia asilie, ushauri alinipa kwa nia njema na kidole kilichobonyeza ni changu. Ila kwa kweli moyoni nilikuwa nimechafukwa.

Jioni ile mama alipiga. "Nipo. Nimeshakula." Kisha akaongeza neno, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Mwanangu, kama kile kitu hakipatikani, acha. Nimeshazoea. Usije ukauza cherehani kwa ajili yangu."

"Sijauza! Mama, siuzi!" Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Alikuwa ameshakata.

Kesho yake nikaanza vita. Nilipiga huduma kwa wateja wa mtandao wangu wa simu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana na msaada haba. Alisema kadi hiyo haipo tena kwenye mfumo. Nikamwambia, "Najua haipo, nimeifuta mimi. Ninachouliza ni hela yangu iko wapi, maana hela haifutiki." Akasema nisubiri siku za kazi zipite, malipo ya nje hurudi taratibu. Nikasubiri. Kwenye simu hakukuingia kitu. Nikapiga tena, nikapata mwingine, nikaanza hadithi upya kuanzia sikio la mama. Huyu wa pili, dada mmoja mwenye sauti ya kuchoka, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kila hela inayorudishwa ina namba yake ya kumbukumbu, na bila hiyo wao ni kutafuta sindano gizani. Nilitakiwa kuiomba dukani.

Nikaliandikia duka. Hawakujibu. Nikaandika tena. Kwetu wanasema mimi nikishika kitu nakuwa kama kupe, na siku hizo sikuona ubaya wowote wa kuwa kupe. Nilishona sketi za shule kwa mguu mmoja kwenye cherehani na jicho moja kwenye simu, mpaka namba ikaja. Nilimsomea dada yule tarakimu moja moja, yeye akizirudia. Akaniambia hela ilifika kwao, ila ilikuwa imekaa pembeni kwa kukosa mahali pa kuingia. Wangeihakiki na kuihamishia kwenye salio la simu yangu kwa mkono.

Ikaingia. Ilikuwa pungufu kidogo, kwa sababu dola ilikuwa imeshuka kati ya kwenda na kurudi. Sikugomba. Nilichungulia dukani, nikakuta viwaya vya kushoto vimeletwa tena.

Nilitengeneza kadi mpya, nikaijaza na ziada yake, nikalipa. Binti wakala alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipomaliza, niliivuta ile ziada nikairudisha kwenye simu, kadi ikabaki na sifuri.

"Hufuti, dada?"

"Sifuti. Duka likirudisha chochote, mlango upo."

"Na wezi?"

"Waje. Mkono mtupu haulambwi."

Alicheka. Tangu siku hiyo wateja wake anawaambia watoe hela kwenye kadi, wasiifute mpaka mzigo ufike.

Kilichofuata kilikuwa kungoja. Kaka alikuwa akipita posta kila akienda sokoni, na kila nikimuuliza ananijibu "bado" kwa namna ya kunichosha. Mama naye aliendelea na taarifa zake: yupo, ameshakula, mbuzi wamerudi. Nilizoea kumwamkia bila kutegemea kitu, kama unavyobisha hodi kwenye nyumba unayojua haina mtu.

Jioni moja simu ikaita kwa wakati wake. Nilikuwa napasi, nikaibana begani.

"Nipo," akasema. "Nimeshakula. Mbuzi wamerudi wote. Kaka yako yupo hapa, amenilia ugali wangu wote."

Sikushangaa hata kidogo. Kaka huenda Mashewa akijisikia. "Shikamoo mama," nikasema, kwa mazoea tu, nikiendelea kunyoosha ukosi wa shati, nikingoja akate.

Hakukata. Nilimsikia akiisogeza simu, na nyuma yake kaka akimwelekeza, juu kidogo, mama, juu ya sikio, kilipo kifaa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Na wewe umekula?"